Kazi ya Miezi Minne: Uiweke kwenye Wasifukazi au Uiache?

Kabla ya kuamua lolote kuhusu kazi fupi, tenga karatasi moja na uandike miezi. Usianze na majina ya kampuni wala vyeo. Andika miezi peke yake, kuanzia kazi yako ndefu ya mwisho hadi leo, kila mwezi kwenye mstari wake. Shida ya kazi ya miezi michache haiko kwenye kazi yenyewe bali kwenye tarehe zake, na tarehe huamuliwa vizuri zaidi zikiwa zimepangwa mbele ya macho kuliko zikizunguka kichwani.

Tuchukue karani wa hesabu wa Nairobi na tumfuate mpaka mwisho. Alifanya kazi kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi kuanzia Machi 2021 hadi mwisho wa Januari 2025. Tarehe 10 Februari 2025 akaingia kampuni ya uchukuzi wa mizigo iliyo Industrial Area. Tarehe 13 Juni akatoka, akiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, baada ya kampuni kumpoteza mteja wake mkubwa na kuziondoa nafasi tano. Sasa ni katikati ya Septemba 2025, na ameona tangazo la msambazaji wa bidhaa kwenye Barabara ya Mombasa anayetaka karani aliyezoea eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutoa ankara za kielektroniki. Je, aiandike ile miezi minne?

Hatua ya kwanza: hesabu pengo mara mbili

Hesabu ya kwanza ni pengo litakalobaki kazi fupi ikiondolewa. Kwa karani wetu, kazi ndefu iliisha Januari na leo ni Septemba, kwa hiyo msomaji ataona miezi saba na nusu isiyo na kitu. Hesabu ya pili ni pengo litakalobaki kazi ikiwekwa. Hapo inabaki miezi mitatu, kuanzia katikati ya Juni. Zile siku tisa kati ya kazi ya kwanza na ya pili hazionekani kabisa, kwa sababu tunaandika miezi wala si siku: Januari inaisha, Februari inaanza.

Miezi mitatu bila kazi haimshtui mtu yeyote Nairobi. Matangazo, majaribio ya maandishi, mahojiano mawili na kusubiri barua vinaweza kula muda huo wote. Miezi saba na nusu ni jambo jingine. Haimkatai mtu, lakini inaleta swali, na swali ambalo halijajibiwa kwenye karatasi hujibiwa na anayesoma kwa kubahatisha. Kubahatisha huko huwa ni kubaya kuliko ukweli.

Kipimo chetu ni hiki. Pengo litakaloachwa likiwa miezi mitatu au chini, una uhuru wa kuiacha kazi fupi na hakuna atakayeuliza. Likifika miezi sita na kuendelea, iweke, isipokuwa kuna sababu nzito ya kutoiweka. Likiwa katikati, hatua inayofuata ndiyo itakayoamua. Si sheria ya mahali popote, ni kipimo cha kuanzia tu.

Mambo mawili hukiondoa kipimo hiki. La kwanza ni umri wa kazi yenyewe. Kazi ya miezi minne ya mwaka 2016, iliyobanwa kati ya kazi mbili ndefu, haina faida tena. Itoe na usahau, maana pengo la miezi minne la miaka tisa iliyopita hakuna anayelipima. La pili ni ufupi uliopita kiasi. Kazi ya wiki mbili tatu haistahili mstari wake. Hata Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, haimlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi mtu aliyefanya kazi kwa chini ya wiki nne mfululizo. Mpaka huo unafaa pia kwenye wasifukazi.

Hatua ya pili: jaribu kuandika mistari miwili ya kweli

Sasa acha tarehe uiangalie kazi yenyewe. Jaribu kuandika mistari miwili kuhusu mambo uliyoyamaliza pale, kila mstari ukiwa na kiasi ndani yake: idadi, mara ngapi, ya nini. Ukiweza, kazi hiyo ina uzito. Ukikwama na kujikuta unaandika "nilisaidia idara ya hesabu katika majukumu mbalimbali", basi kazi haijakupa kitu cha kuonyesha. Ikiwa na pengo pia ni dogo, iache.

Karani wetu ana cha kuandika. Kwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi, ankara za eTIMS zilikuwa zikitolewa na mtu mwingine. Yeye alikaa na leja na wadaiwa. Kule kwenye uchukuzi ndiko alikoshika mfumo kwa mikono yake, akitoa ankara kama 120 kila mwezi kwa safari za lori 14, na akilinganisha malipo ya M-Pesa ya wateja na vitabu kila Ijumaa. Tangazo linataka eTIMS, na ujuzi huo uko kwenye kazi fupi peke yake. Hata pengo lake lingekuwa dogo, angeiweka.

Ndiyo maana uamuzi huu haufanywi mara moja kwa maisha. Unafanywa kwa kila tangazo. Karani huyu huyu akiomba kazi ya kufuatilia madeni, ambapo miaka yake minne ya mwanzo inatosha kabisa, kazi fupi hubaki kwa ajili ya kuziba pengo tu na hupewa mstari mmoja badala ya miwili. Weka nakala kamili ya wasifukazi yenye kila kitu, hiyo ya kwako nyumbani, kisha ukate kutoka humo nakala ya kila ombi.

Hatua ya tatu: angalia alama ulizoacha

Watu wengi huiandika kazi fupi wakidhani mwajiri mpya ataigundua kwenye iTax, au huificha wakiwa na hakika kwamba hawezi kuigundua kamwe. Yote mawili si sahihi.

Mwajiri mpya haoni akaunti yako ya iTax. Anachukua PIN yako ili akate PAYE, basi. Haoni pia taarifa yako ya michango ya NSSF, ambayo inaonyesha mwezi kwa mwezi nani alikuchangia, kwa sababu hiyo ni ya mwanachama. Lakini karatasi hizi zinaweza kumfikia kupitia mkono wako mwenyewe. Ukitaja mshahara wako wa mwisho, baadhi ya waajiri hutaka hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho au fomu ya P9. P9 ina mistari ya Januari hadi Desemba, na miezi uliyolipwa ndiyo inayojazwa. Karani aliyeandika kwamba alikaa "Januari hadi Agosti" atakabidhi P9 yenye mistari mitano tu iliyojaa, Februari hadi Juni, na hapo mazungumzo yatakuwa mafupi sana.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, toa taarifa yako ya NSSF na uikague. Inakukumbusha miezi halisi, na kumbukumbu zetu za tarehe ni mbovu kuliko tunavyodhani. Ukikuta mwajiri yule hakuwasilisha michango hata mara moja, hilo ni kosa lake na lina mahali pake pa kulalamikiwa. Halikuzuii kuiandika kazi, ila jua kwamba ushahidi wako utakuwa barua ya kuajiriwa, ujumbe wa M-Pesa au benki wa mshahara, na cheti cha utumishi.

Alama ya pili ni watu. Nairobi ni kubwa, lakini kila biashara ndani yake ni kijiji. Makarani wa kampuni za uchukuzi hukutana kwenye maghala yale yale, na meneja wa leo wa Barabara ya Mombasa huenda mwaka jana alikuwa Industrial Area. Alama ya tatu ni LinkedIn. Ulipoanza kazi ile ulibadilisha wasifu wako kwa furaha, ukapongezwa na watu arobaini, kisha ukasahau. Kazi ambayo iko LinkedIn na haipo kwenye wasifukazi huonekana kama kitu kilichofichwa, hata kama uliiacha kwa kukosa nafasi ya kuandika. Vifananishe viwili hivyo kabla ya kutuma, na usiache kazi iliyokwisha ikiwa bado inasema unaendelea nayo.

Wasifukazi si fomu

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika, kwa hiyo tukae kidogo.

Wasifukazi ni uteuzi wako. Hakuna aliyeuapia kuwa kamili. Kuacha kazi moja si uongo, maadamu hukuisogeza tarehe ya kazi nyingine kuziba nafasi yake. Unaweza hata kuandika kichwa cha sehemu kuwa "Kazi zinazohusiana na nafasi hii", na kwa kichwa hicho msomaji anaambiwa waziwazi kwamba orodha imechujwa.

Fomu ya maombi ni kitu kingine. Waajiri wengi wakubwa, serikali za kaunti na taasisi za umma hutumia fomu, na mwishoni mwake huwa kuna tamko la kutia sahihi: kwamba uliyoyaeleza ni kweli na kamili. Sasa soma maagizo ya sehemu ya ajira neno kwa neno. Ikisema "waajiri wote" au "kwa mpangilio, kuanzia wa sasa", andika zote, pamoja na ya miezi minne, pamoja na ile uliyofukuzwa. Ikisema "uzoefu unaohusiana", una ruhusa ya kuchagua. Kama kuna safu ya "sababu ya kuondoka", usiiache tupu na usiandike "sababu za kibinafsi" mara nne mfululizo. Maneno machache ya kweli yanatosha: "mkataba ulikamilika", "nafasi iliondolewa", "nilijiuzulu", "ajira ilisitishwa wakati wa majaribio".

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya kinachofuata. Kazi iliyoachwa kwenye wasifukazi ikijulikana baadaye, utaulizwa na utaeleza. Kazi iliyoachwa kwenye fomu iliyotaka zote, chini ya sahihi yako, inaweza kuwa sababu ya kuondolewa kazini hata baada ya miaka miwili ya kazi nzuri.

Namna ya kuiandika

Wasifukazi nyingi za Nairobi huandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio na kanuni ni zile zile kwa lugha zote mbili. Hivi ndivyo karani wetu alivyoandika mara ya kwanza:

Karani wa Hesabu (majaribio), 2025
Nilisaidia katika hesabu, ankara na kazi nyingine kama nilivyoelekezwa. Kampuni ilikuwa na uongozi mbaya, na mishahara ilichelewa.

Kila sehemu hapa inamwangusha. Neno "majaribio" kwenye mabano linasomeka kama "alijaribiwa akashindwa", na wala halihitajiki: mtu aliye kwenye kipindi cha majaribio ana cheo kamili. Sheria inaruhusu kipindi hicho kiwe hadi miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa miezi sita mingine mfanyakazi akikubali, kwa hiyo kuondoka baada ya miezi minne ukiwa bado majaribioni ni jambo la kawaida kisheria. Kuandika "2025" bila miezi kunadhaniwa kuwa ni ujanja wa kuficha ufupi. Kwa kweli kunauonyesha, hasa pale kazi nyingine zote zina miezi. Na lawama kwa mwajiri, hata ziwe kweli tupu, hazina kazi kwenye ukurasa huo. Msomaji hamjui yule bosi. Anakujua wewe tu, na anachokisikia ni kwamba unasema vibaya waliokulipa.

Hivi ndivyo ilivyosomeka baadaye:

Karani wa Hesabu
Kampuni ya uchukuzi wa mizigo, Industrial Area, Nairobi
Februari 2025 – Juni 2025
– Nilitoa ankara za eTIMS kwa safari za lori 14, takriban 120 kila mwezi, na kuandaa takwimu za VAT kabla ya tarehe 20.
– Nililinganisha malipo ya M-Pesa na benki na leja ya wateja kila wiki. Nilipata na kurekebisha malipo 31 yaliyokuwa yameingizwa kwa wateja wasio sahihi.
Nafasi iliondolewa baada ya kampuni kumpoteza mteja mkuu.

(Kwenye ukurasa wake halisi, mstari wa pili una jina kamili la kampuni.)

Angalia vitenzi. Vyote vimekwisha: nilitoa, nililinganisha, nilirekebisha. Kwenye kazi fupi, epuka "nilikuwa nikisimamia" na "nilihusika na", kwa sababu vinadai muda mrefu ambao hukuwa nao. Usiandike pia mafanikio yasiyoingia ndani ya miezi minne. Ukidai kwamba uliubadilisha mfumo mzima wa hesabu wa kampuni kati ya Februari na Juni, mhasibu yeyote anayesoma atatabasamu. Malipo 31 yaliyorekebishwa yanaaminika, kwa kuwa ni kazi ya kiasi cha mtu mmoja mgeni.

Mistari miwili, mitatu ikizidi. Kazi ya miaka minne ina mistari mitano, ya miezi minne ikiwa na saba, msomaji anaona kwamba unaipigia debe.

Ule mstari wa mwisho, wa sababu, huwekwa tu pale sababu iko nje yako na barua yako inakubaliana nayo. Hapa kuwa makini na maneno yenye maana ya kisheria. Ukisema "nilipunguzwa kazi", afisa wa rasilimali watu anafikiria utaratibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira: notisi ya mwezi mmoja, barua kwa afisa wa leba. Kama wewe ulipewa barua ya siku saba, ambayo ndiyo notisi ya chini kabisa kwa aliye majaribioni, maneno hayo mawili hayaendi pamoja. Soma barua yako ya kuondoka, na uandike inavyosema.

Kuna kazi fupi ambazo hazihitaji maelezo kabisa, ila kuitwa jina lake. Uliyeshikilia nafasi ya mama aliyekwenda likizo ya uzazi, andika hivyo hivyo: "Karani wa Hesabu, kushikilia nafasi ya likizo ya uzazi". Likizo hiyo ni miezi mitatu kwa sheria, kwa hiyo tarehe zako zinajieleza. Vivyo hivyo "mkataba wa miezi minne", "mafunzo ya kazini", "kazi ya msimu". Lebo huwekwa kando ya cheo, si chini kabisa, ili isomwe pamoja na tarehe. Lakini iwe ya kweli. Mtu aliyeajiriwa kwa kudumu akaondoka baada ya miezi minne hawezi kuandika "mkataba wa miezi minne". Simu moja kwa mwajiri wa zamani inaumbua lebo hiyo.

Ukiwa na fupi tatu mfululizo

Moja haitishi. Tatu zikifuatana, kila moja na kichwa chake na tarehe zake, ndizo zinazomfanya mtu aonekane hatulii. Kama zilikuwa vibarua au mikataba ya aina moja, ziweke chini ya kichwa kimoja na tarehe moja ndefu:

Karani wa Hesabu, kazi za mkataba mfupi
Nairobi, Januari 2024 – Oktoba 2024
– Duka la jumla, Kariobangi (miezi 3): kuhesabu bidhaa na kufunga hesabu za mwaka.
– Shule ya kibinafsi, Donholm (miezi 4): kukusanya karo na kulinganisha na benki.
– Karakana ya magari, Industrial Area (miezi 2): kuingiza ankara za nyuma kwenye kompyuta.

Msomaji anaona miezi kumi ya kazi ile ile, na urefu wa kila moja umeandikwa wazi kwenye mabano, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Jumla hapa ni miezi tisa ndani ya kumi, na hilo ni sawa. Kama ingekuwa mitano ndani ya kumi, usitumie kichwa kimoja. Kinakuwa pazia, nalo lina matundu.

Mbinu hii haifai kwa kazi tatu za kudumu ulizoziacha au kuachishwa. Hizo chagua ile yenye uzito zaidi kwa nafasi unayoomba, iweke, na ujiandae kueleza nyingine ukiulizwa.

Ulipofukuzwa

Kama uliachishwa kwa kosa, hesabu haibadiliki sana kwenye wasifukazi, ila upande wa kuiacha unapata uzito. Pengo dogo na ujuzi usio wa pekee: iache. Pengo kubwa: iweke bila mstari wa sababu, kwa tarehe sahihi. Kwenye fomu inayotaka waajiri wote, iandike. Na usiweke jina la bosi yule kwenye orodha ya warejelewa. Tafuta mtu mwingine wa pale aliyeiona kazi yako, kama mkaguzi au msimamizi wa ghala, na umwombe ruhusa kwanza.

Mahojiano: sekunde thelathini

Kazi fupi ikiwa kwenye wasifukazi, swali litakuja. Liandalie jibu la sentensi tatu: kilichotokea, ulichobeba, unachokitafuta sasa. Kisha nyamaza.

"Naona hapa Industrial Area ulikaa miezi minne tu. Kulikuwa na nini?"

"Ni kweli, madamu. Kampuni ilimpoteza mteja aliyekuwa akibeba sehemu kubwa ya kazi, nafasi tano zikaondolewa na yangu ikiwamo. Kwa miezi hiyo nilikuwa nikitoa ankara zote za eTIMS, na ndiyo kazi niliyoiona kwenye tangazo lenu."

Kinachoharibu jibu hili ni sentensi ya nne. Mtu anamaliza vizuri, anaona kimya, anaogopa, anaongeza: "Na pia kusema kweli yule bosi alikuwa na maneno." Kimya kile kilikuwa cha mhoji kuandika tu.

Kama uliondoka mwenyewe, sababu inayokubalika ni ile inayohusu kazi: majukumu yalikuwa tofauti na barua ya ajira, zamu zilibadilishwa kutoka mchana hadi usiku, ofisi ilihamishiwa Athi River ilhali ulikubali ya mjini. Taja jambo moja linaloweza kuthibitishwa. Mishahara iliyochelewa unaweza kuitaja kwa utulivu ukiulizwa moja kwa moja, bila kumhukumu mtu: "mshahara wa miezi miwili ulichelewa, nikaona siwezi kuendelea." Swali la "ulikuwa unalipwa ngapi?" lijibu kwa takwimu inayolingana na hati zako za mshahara, kwa kuwa hiyo ndiyo takwimu itakayofuatiliwa.

Cheti cha utumishi

Kuna karatasi moja ya kuitafuta mapema, kabla kampuni haijahama au afisa anayekujua hajaondoka. Kwa kazi iliyofika wiki nne, mwajiri ana wajibu wa kukupa cheti cha utumishi ajira inapokwisha, hata kama ulikuwa majaribioni na hata kama mliachana vibaya. Kinapaswa kuwa na jina na anwani ya mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku uliyomaliza. Hakilazimiki kukusifu. Sheria inasema wazi kwamba mwajiri hana wajibu wa kuandika chochote kuhusu tabia au utendaji wako, kwa hiyo usikasirike kikija kikavu kama risiti. Ukavu huo ndio unaokufaa: tarehe mbili na cheo, hakuna neno la ugomvi.

Kiombe kwa maandishi, kwa baruapepe, ili ombi liwe na tarehe:

"Naomba cheti changu cha utumishi kwa mujibu wa kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira, 2007. Nilianza kazi tarehe 10 Februari 2025 na kumaliza tarehe 13 Juni 2025 nikiwa Karani wa Hesabu. Naomba pia P9 ya miezi niliyofanya kazi."

Hiyo P9 itahitajika hata usipoionyesha kwa mwajiri mpya. Karani wetu akiajiriwa Oktoba, mwaka 2025 atakuwa na P9 tatu: ya Januari, ya Februari hadi Juni, na ya Oktoba hadi Desemba. Zote tatu zinaingia kwenye ripoti yake ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni 2026, iwe kazi ya kati ilionekana kwenye wasifukazi au la.

Wasipojibu kwa wiki mbili, tuma ombi lile lile tena na nakala kwa mkurugenzi. Wakikataa, peleka baruapepe zote mbili kwa afisa wa leba. Kunyima cheti hicho ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, na mara nyingi kutajwa kwa kifungu hicho kwenye ombi la pili kunatosha. Cheti kikija, linganisha tarehe zake na ulizoandika kwenye wasifukazi. Zikitofautiana hata kwa mwezi, na cheti ndicho chenye makosa, omba kirekebishwe siku hiyo hiyo, wakati anayeshika muhuri bado anakukumbuka.